Kurekodi majina ya mbari kutoka kwa mzee bila kumeza vizazi: mwongozo kamili

Mzee wa Kikuyu akianza kukutajia ukoo wake anaenda hivi: Kamau wa Njoroge wa Kamau wa Njoroge wa Kamau, mpaka anafika kwa mwenye mbari, yule babu aliyefyeka msitu kwanza na ardhi ikaitwa kwa jina lake. Inaingia sikioni vizuri sana, na hapo ndio taabu yote ya mwandishi inaanza, kwa sababu majina yanarudi-rudi, na ulimi ukiruka kutoka Kamau wa tatu hadi Kamau wa tano hakuna mtu kwenye kikao atashtuka, hata mzee mwenyewe. Umepoteza watu wawili na maneno bado yanasikika sawa kabisa.

Nitatumia Wakikuyu kwa huu mwongozo wote maana kwao shida na dawa yake viko mahali pamoja, yaani ile kanuni ya majina inayomeza vizazi ndiyo pia inakuonyesha pale vilipomezwa. Kama wewe ni wa jamii nyingine tafuta kanuni ya kwenu halafu fuata hatua hizi hizi (hata pwani kuna familia Ali bin Mohamed bin Ali bin Mohamed amejaa tele, na mambo ni yale yale).

Kwanza ujue kanuni tatu

Usiende kwa mzee kabla hujazielewa hizi, utakuwa unaandika tu kama karani.

Ya kwanza ni majina. Mtoto wa kiume wa kwanza anaitwa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Wasichana vilevile, wa kwanza anachukua jina la mama ya baba, wa pili la mama ya mama. Kwa hivyo ukoo ukipitia kwa vifungua mimba peke yao majina mawili yatapokezana bila mwisho. Jina jipya likitokea katikati, mara nyingi ni kwamba ukoo umepita kwa mtoto wa pili au wa baadaye, na hilo jina limetoka nje, kwa akina mama. Na kama mzee alikuwa na wake watatu, kila nyumba inaanza hesabu upya, kila mke anamrudisha baba mkwe wake, kwa hivyo boma moja linaweza kuwa na akina Kamau watatu ndugu wa baba mmoja, wanatofautishwa kwa mama zao.

Ya pili ni riika ya tohara. Waliotahiriwa pamoja walipewa jina, na mara nyingi jina lilishika jambo lililotokea wakati huo. Kimiri ni ile homa kubwa ya 1918 na 1919, Mutung'u ni ndui ya miaka ya 1890. Hii ndiyo kalenda yako. Ila angalia, majina ya riika hayakuwa sawa kila mahali, ya Kiambu yanaweza kuwa tofauti na ya Murang'a au Nyeri, kwa hivyo orodha utumie ni ya eneo la huyo mzee, usitumie ya kijiji cha mjomba wako.

Ya tatu ni kupokezana kwa vizazi viwili, Mwangi na Maina (Maina pia anaitwa Irungu). Baba akiwa Mwangi watoto wake ni Maina, wajukuu wanarudi Mwangi. Watu wanaita hii nayo riika, kwa hivyo ukiuliza "alikuwa riika gani?" unaweza kujibiwa moja huku wewe unaandika nyingine. Uliza wazi: ya kutahiriwa, ama ya Mwangi na Maina?

Hatua ya 1: Mwache atiririke

Siku ya kwanza kazi yako ni kurekodi na kunyamaza. Simu iwe na chaji, uitoe kwa mtandao kabisa ndio mtu asipige katikati, na uiweke juu ya kitambaa au kitabu, ukiiweka mezani wazi kila kikombe cha chai kikiguswa kinasikika kama mlango umebamizwa. Rekodi dakika moja ya majaribio usikilize kwanza. Halafu sema kwa sauti tarehe, mahali, lugha, na nani wote wamekaa hapo. Hao waliokaa ni muhimu kuliko unavyodhani, kwa sababu mpwa akinong'ona "ni Mwaura" na mzee akasema "ehe, Mwaura", hilo jina limetoka kwa mpwa na lazima uandike hivyo.

Usimtajie majina unayoyajua. Wengi wanaingia na karatasi ya shangazi, wanamwuliza "si babu ya Njoroge alikuwa Kamau?" na mzee kwa heshima anakubali. Hapo umejirekodi mwenyewe. Sema tu, "Guka, nihesabie kutoka kwako mpaka kwa mwenye mbari," na umwache. Akikohoa, akirudi nyuma, akisema "ngoja, huyo nimemruka", yote yabaki kwa rekodi, hizo ndizo sehemu utasikiliza mara tatu.

Mzee akichoka, ondoka. Sukari na majani ya chai ulizobeba unampa mwanzoni kama mgeni yeyote, si mwishoni kama malipo ya majina, maana mtu anayelipwa kwa majina atakuongezea majina.

Hatua ya 2: Mrudishe, lakini kutoka juu

Siku nyingine mwombe aanze kwa mwenye mbari ashuke mpaka kwake. Njia ya kupanda ameizoea, inatoka kwa ulimi bila kufikiri. Ya kushuka inabidi afikirie kila mtu alizaa nani, na mara nyingi idadi inatoka tofauti. Tano za kupanda zikawa sita za kushuka. Usimwambie amekosea na wewe mwenyewe usichague ile unayoipenda, andika zote mbili na tarehe zake.

Hapa sasa ndio unashika lile neno "wa". Kamau wa Njoroge anaweza kuwa mtoto wa Njoroge, anaweza kuwa mjukuu, anaweza kuwa mtu tu wa nyumba ya Njoroge. Tena baba mdogo ni baba, kwa hivyo "baba yake Kamau" anaweza kuwa ndugu ya aliyemzaa. Kwa kila jina uliza "aliyemzaa mwenyewe ni nani?" na ukiona anasitasita uliza tena "ni huyu ama ni ndugu yake?" Kuna pia mjane aliyechukuliwa na shemeji na watoto wakahesabiwa kwa marehemu. Hapo baba wa ukoo ndiye huyo marehemu, unamweka, ila unaandika kando jinsi mzee alivyosema.

Hatua ya 3: Kadi moja, mtu mmoja

Achana na kuchora mti mapema. Mti unakulazimisha kuunganisha watu kabla hujajua. Chukua kadi au ukurasa wa daftari kwa kila mtu na uulize haya: jina na majina mengine ya utani, alikuwa mtoto wa ngapi kwa mama yake, mama yake nani, wake zake nani na walitoka muhiriga gani, yaani ule ukoo mkubwa unaokusanya mbari nyingi, ndugu zake, dada yake mkubwa aliitwaje, riika ya tohara, Mwangi au Maina, na shamba lake au kaburi lake liko wapi. Kwa watu wa juu kabisa utapata majibu mawili matatu tu, sawa, acha mengine wazi. Nafasi tupu ni habari pia: kama mtu wa nne ana wake, ndugu na shamba, na mtu wa tano ana jina peke yake, hapo katikati ndipo kumbukumbu inapobadilika kutoka watu hadi orodha.

Swali la wake na dada usimpe mzee peke yake. Nenda kwa shosho. Akina mama ndio wanajua nani alitoka nyumba ya nani, nani alirudishwa kwa nani, na dada alienda kuolewa wapi, na mara nyingi mzee mwenyewe atasema "hiyo muulize mama yako".

Hatua ya 4: Jaribu kila kiungo

Hapa nitakaa kidogo na mfano, ni wa kubuni lakini ni aina utakayoipata.

Mzee A, wa kuzaliwa kama 1938, anahesabu: mimi Kamau, wa Njoroge, wa Kamau, wa Njoroge, wa Mwaura mwenye mbari. Watano. Akipanda na akishuka anahesabu vilevile, kwa hivyo hatua ya 2 haijakusaidia kitu.

Jaribio la Mwangi na Maina: mzee anasema yeye ni Maina na mwenye mbari pia alikuwa Maina. Kutoka kwake hadi Mwaura ni hatua nne, shufwa, kwa hivyo Maina kwa Maina inakubali. Mtu anafurahi anafunga daftari. Usifunge! Hili jaribio linashika upungufu wa mtu mmoja au watatu, ambapo baba na mtoto wanajikuta wote Maina. Wakipotea wawili linanyamaza kabisa, na kwa ukoo wa majina mawili yanayopokezana wanaopotea huwa ni wawili, Kamau mmoja na Njoroge mmoja, jozi nzima inaenda pamoja.

Jaribio la majina: Mzee A ni kifungua mimba, jina la babu yake, sawa. Baba yake Njoroge alikuwa kifungua mimba, jina la babu, sawa. Sasa yule Kamau wa tatu. Mzee anasema naye alikuwa wa kwanza, "ndiye aligawia ndugu zake mashamba". Baba yake Njoroge ni mtoto wa Mwaura. Kama ni hivyo huyu wa kwanza alifaa kuitwa Mwaura. Anaitwaje Kamau?

Kuna majibu kadhaa na usirukie la kuvutia. Labda hakuwa wa kwanza, wa kwanza alikufa mdogo na hatajwi tena. Labda Mwaura ni jina la utani la mtu aliyeitwa Kamau, hii hutokea sana kwa waanzilishi. Ama kati ya Njoroge na Mwaura kuna watu wamemezwa. Umeweka alama ya kuuliza, unatafuta mtu wa pili.

Mtu wa pili asiwe ndugu ya Mzee A wa nyumba moja, huyo alifundishwa orodha ile ile na atakupa kosa lile lile kwa uhakika mkubwa zaidi. Tafuta nyumba iliyoachana nao mapema, upande ule mwingine wa ridge. Mzee B, rika moja na A, anahesabu watu saba hadi Mwaura, na bila kuulizwa anasema hivi: Njoroge mtoto wa mwenye mbari alioa Wambui, Wambui akazaa Mwaura halafu akazaa Kamau, sisi ni wa Mwaura, akina A ni wa Kamau, Kamau ndiye alivuka mto akamzaa Njoroge aliyeoa Wangari.

Angalia vile inakaa. Kifungua mimba wa Njoroge ameitwa Mwaura kama kanuni inavyotaka. Kamau ni wa pili, jina limetoka kwa baba ya Wambui, kwa hivyo sasa tunajua jina Kamau liliingiaje kwa ukoo huu. Na akina Njoroge ni wawili, mmoja ana Wambui na mwingine ana Wangari.

Lakini ngoja, mtu aliye na wake wawili naye anaweza kuwa na Wambui na Wangari. Hapo unarudi kwa Mzee A na swali moja dogo, bila kumtajia B: huyu Njoroge wa Wangari, dada yake mkubwa aliitwaje? Akisema Wambui, umepata. Dada mkubwa anaitwa jina la mama ya baba yao, kwa hivyo mama ya baba yake Njoroge huyu aliitwa Wambui, yaani Wambui yuko vizazi viwili juu, hawezi kuwa mke mwenza wa Wangari. Mzee A ametoa ushahidi wa watu ambao yeye mwenyewe aliwaruka. Shosho wa nyumba ya A akikuambia kitu hicho hicho kivyake, ni nzuri zaidi.

Na kwa B pia usilale. Orodha yake ni Mwaura wa Njoroge wa Mwaura wa Njoroge mpaka juu, vifungua mimba watupu, na orodha kama hiyo ni rahisi kurefusha sawa na vile ni rahisi kufupisha. Mtu yeyote kwa orodha yake ambaye hana mke, ndugu wala shamba anabaki na alama ya kuuliza hata kama anajaza nafasi yako vizuri.

Hatua ya 5: Miaka, lakini polepole

Njoroge baba ya A alitahiriwa wakati wa Kimiri, kwa hivyo alizaliwa karibu na 1900, toa au ongeza miaka michache. Kamau wa tatu ni wa Mutung'u, basi miaka ya 1870. Mpaka hapo una mguu wa kusimamia. Juu yake huna riika unayoijua, na hapo kila kizazi kina upana wake: kifungua mimba alipatikana baba akiwa na miaka 25 hivi, mtoto wa mwisho wa mke wa mwisho baba anaweza kuwa na 60. Kwa hivyo usiandike "Mwaura alizaliwa 1755". Andika ni vizazi vinne juu ya mtu wa miaka ya 1870 na uache hapo, au utoe upana wa miaka 25 hadi 40 kwa kila kizazi. Lakini ona tofauti: kwa orodha ya watu watano na ile ya saba mwenye mbari anasogea nyuma miaka 50 hadi 80. Kwa mtu anayejaribu kujua ridge yao ilikaliwa lini, hiyo si ndogo.

Ukiona kati ya baba na mtoto kuna miaka 15 au kuna 80, hicho kiungo ni kibovu hata kama majina yote yamekubali.

Hatua ya 6: Kuandika pengo kama pengo

Tumia alama chache na uzifafanue juu ya ukurasa. Mimi natumia tatu: mistari kwa baba aliyethibitishwa na watu wawili wa nyumba tofauti, alama ya kuuliza kwa kiungo cha mtu mmoja, na nukta kwa kuruka, mahali ambapo hatujui ni watu wangapi. Alama iliyo mbele ya mtu inahusu kiungo chake na aliye juu yake.

```
      muhiriga
..... [7] Mwaura, mwenye mbari    (A, B)
---   [6] Njoroge, mke Wambui     (A, B)
-?-   [5] Kamau, mtoto wa pili    (B; A hamtaji)
-?-   [4] Njoroge, mke Wangari    (B; A: mtoto wa Mwaura)
---   [3] Kamau, riika Mutung'u   (A, B)
---   [2] Njoroge, riika Kimiri   (A, B)
---   [1] Kamau, Mzee A
```

Zile nukta juu ya Mwaura ndizo watu wengi wanaharibu. Mzee akifika kwa mwenye mbari anaruka moja kwa moja hadi kwa mmoja wa mabinti wa Gikuyu na Mumbi, wale wazazi wa kwanza wa Wakikuyu kwa masimulizi, binti ambaye muhiriga umeitwa kwa jina lake, kama Wanjiru kwa Anjiru au Wambui kwa Ambui, anasema "sisi ni wa Wanjiru". Hiyo ni kauli ya muhiriga, inasema nyinyi ni wa nani na hamwezi kuoana na nani. Haisemi Mwaura alizaliwa na Wanjiru. Ukiandika mstari pale umemfanya Wanjiru mama ya mtu wa majuzi.

Programu nyingi za mti wa ukoo zina nafasi ya baba na mama kwa kila mtoto, lakini hazina kitufe cha "tumeruka hapa". Usizidanganye kwa kubuni mtu anayeitwa "Asiyejulikana" mmoja, maana kesho mtu atamhesabu kama kizazi kimoja. Mwache Mwaura bila baba, na maelezo ya kuruka uyaweke kwa sehemu ya noti.

Orodha mbili zisipokubaliana usizichanganye zikawa moja safi. Hifadhi ya A kama A alivyosema, ya B kama B, na ile ya kwako iwe ya tatu, na kwa kila jina uonyeshe limetoka wapi. Faili za sauti zipe majina yanayojieleza na uweke nakala mbili mahali tofauti:

```
2025-03-14_mbari_mzeeA_kupanda.wav
2025-03-21_mbari_mzeeA_kushuka.wav
```

Hatua ya 7: Uliza nani ananufaika

Majina ya mbari ni hati ya shamba, yamekuwa hivyo tangu zamani. Tume ya ardhi ya Carter ilipokaa 1932 mbari zilipeleka mbele yake nasaba zao kama ushahidi, na ushahidi ukachapishwa, unaweza kuutafuta kwenye nyaraka za taifa Nairobi. Ni hazina kwa sababu wazee wa wakati huo walikuwa karibu na hawa watu wa juu kwa vizazi viwili vitatu kuliko wazee wako. Lakini ilisemwa kudai ardhi, na mtu anayedai ardhi ana sababu ya kumsogeza mwenye mbari nyuma, au kumwacha nje ndugu aliyehama. Muhoi, yaani mtu aliyekaribishwa kulima, naye wajukuu wake wanaweza kujikuta kwa orodha kama watoto wa mwenye mbari, na nyumba nyingine ya mbari ikawa inakumbuka vingine kabisa.

Kwa hivyo kwa kila rekodi ongeza mstari mmoja: wakati huu kulikuwa na kesi ya shamba, urithi, au mgawo kwa hii familia? Kama ipo, rekodi hiyo ilinganishwe na mtu ambaye hana kipande kwa hilo shamba. Na kabla hujamtumia mtu yeyote karatasi, watu wote walio hai watoke kwa nakala ya kusambaza, wabaki tu kwa ile ya kwako, hasa pale kuna mtoto aliyezaliwa nje ama mtu wa muhoi, kwa sababu hiyo karatasi ikifika kwa group ya familia kesho yake inaweza kuwa kwa mkono wa wakili.